Kung'oa bathtabu na kuweka shawa: kazi kubwa iko chini ya sakafu

Nyumba tunayokaa hapa Area C ni ya zamani na tuliikuta na bathtabu lake, lile la bati zito lenye enameli nyeupe, limejengewa ukuta mdogo wa tofali kwa mbele na kuwekwa tailizi. Miaka minne yote kazi yake ilikuwa kuwekea madumu ya akiba. Kuoga tulikuwa tunaoga bafu la uani kwa ndoo na kopo, maana nani atajaza lita mia na kitu za maji Dodoma hii halafu azimwage? Mwaka jana bi mkubwa akahamia kwetu kutoka Kongwa, goti linamsumbua, uani usiku haendi na ukingo wa bathtabu wa sentimita 55 hauvuki, ndo nikaamua liondoke nimwekee shawa ya kuingia kwa miguu.

Nilidhani ni kazi ya siku tatu: unang'oa, unabandika tailizi, unafunga shawa, basi. Ikachukua siku kumi na mbili, na karibu nusu ya hizo zilienda kwenye vitu ambavyo sasa hivi ukiingia bafuni huvioni kabisa. Kwa hiyo naandika zaidi kuhusu hivyo visivyoonekana. Kwetu ni nyumba ya chini, jamvi limekaa juu ya ardhi. Kama unakaa ghorofani soma tu ila usichukue tindo ukaanza kuchimba, hiyo slabu ina nondo zinazobeba uzito na chini yake kuna sebule ya mtu. Huko unainua sakafu kwa juu au unaweka trei ya shawa, na bora uongee kwanza na mtu wa majengo.

Anza na jaribio, bathtabu likiwa bado lipo

Hiki kitu hakuna fundi aliyeniambia na ndo cha maana kuliko vyote. Bathtabu linasamehe bomba bovu. Maji yakitoka taratibu we hujali, yamekaa humo ndani yanasubiri zamu yao. Shawa haina pa kusubirisha maji, yanayomwagika sasa hivi yanatakiwa yaondoke sasa hivi, la sivyo yanaanza kupanda miguuni na baada ya dakika tano yako koridoni.

Sasa fanya hivi. Ziba tundu la bathtabu, mimina ndoo mbili za lita 20, zibua na uanze kuhesabu dakika kwenye simu. Shawa ya kawaida inatoa kama lita 8 mpaka 10 kwa dakika. Kwetu lita 40 zilichukua dakika 6, yaani chini kidogo ya lita 7 kwa dakika, na hapo bado maji yalikuwa yamesimama kimo cha sentimita 6 au 7 yanajisukuma yenyewe kwa uzito wake. Kwenye sakafu ya shawa hakuna huo uzito wa kusukuma, kwa hiyo ukweli ulikuwa mbaya zaidi ya hapo. Nikajua bomba la zamani halifai hata kabla sijagusa nyundo.

Kuna dalili nyingine nilikuwa naiona siku zote sikujua maana yake, bafu lilikuwa linanuka kama shimo hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, na mende wanatokea kwenye tundu. Chini ya bathtabu kuna trapu, lile bomba lililopinda kama herufi U linalobakiza maji ili hewa ya chemba isipande juu. Bathtabu lisipotumika yale maji yanakauka, na kiangazi cha Dodoma unakijua, hewa kavu hata kanga ukianika asubuhi saa nne unaikunja. Trapu ikikauka mlango uko wazi. Kwa hiyo kama una bathtabu ambalo bado hujapata hela ya kulitoa, mimina kopo mbili za maji kila wiki mbili harufu itakata, ukiongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yatachelewa kukauka.

Kung'oa

Funga maji kwenye koki kuu, fungua bomba lililo chini kabisa ya nyumba maji yaishe ndani ya mabomba, kisha vunja ule ukuta wa tofali wa mbele. Ukishaona chini, kata bomba la kutolea maji na lile dogo la kuzuia kufurika lililo pembeni juu. Halafu panda ukutani kidogo: mstari wa kwanza wa tailizi juu ya bathtabu umekalia mdomo wake, usipoutoa bathtabu halinyanyuki hata mje watu sita. Tumia tindo nyembamba, pole pole.

La bati kama letu watu wawili wanalibeba. Ukikuta la chuma cha kuyeyushwa, lile ukiligonga linatoa sauti nzito na halitingishiki, linaweza kupita kilo mia, hilo watu huwa wanalifunika kwa gunia na kulipasua humohumo kwa nyundo kubwa. Vaa miwani na glavu, enameli inaruka kama vioo.

Chini yetu tulikuta jamvi tupu lisilosakafiwa, vumbi, ngozi ya nyoka (nyoka mwenyewe hatukumuona, asante Mungu), na bomba la inchi moja na nusu limeingia ardhini. Nilipolikata lilikuwa limebaki na tundu la kupitisha kidole gumba. Sabuni ya miaka na miaka imegandana na ile chokaa ya maji yetu, maji ya visima vya huku ni magumu, angalia tu birika lako ndani.

Bomba na trapu

Shawa iwekee inchi 2. Moja na nusu inatosha bathtabu, ila shawa inakusanya nywele na povu kila siku na haipati ule msukumo wa maji mengi kwa pamoja wa kuisafisha. Kutoka pale tundu lilipo mpaka chemba ya nje kwetu ni mita 2.4. Mteremko unaotakiwa ni sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mwisho wa bomba uwe chini kwa kama sentimita 5 kuliko mwanzo. Kabla ya kuvunja jamvi fungua chemba upime, toka usawa wa sakafu ya bafu mpaka pale bomba litakapoingilia. Kama chemba ni ya juu sana mteremko hautapatikana, na hapo ndo mpango mzima unabadilika, inabidi kuinua sakafu ya shawa. Chemba yetu iliruhusu.

Tukavunja mraba wa sentimita 40 kwa 40 pale trapu inapokaa, tukachimba kama sentimita 30, na mfereji mwembamba kuelekea ukuta wa nje. Pita kwenye tundu la ukuta la bomba la zamani, lipanue kidogo tu. Usitoboe upya msingi, na ukikutana na nondo simama. Chini ya bomba weka mchanga laini uliochekechwa sio vifusi, maana kokoto moja yenye ncha ikikaa chini ya bomba la plastiki itakuja kulitoboa taratibu huku umeshabandika kila kitu juu.

Hapa ndo nilipoumia. Fundi bomba wa kwanza aliweka trapu ya U chini, halafu juu yake akafunga ile sinki ya sakafuni ambayo ndani ina kikombe kilichofunika, ambacho nacho ni trapu. Trapu mbili zimefuatana. Tulipojaribu maji yanaenda, yanasimama, yanasema glu glu glu, yanaenda tena. Nikamuuliza, "Fundi, mbona hili linaongea?" Akanijibu, "Bosi hiyo ni hewa tu, litazoea." Halikuzoea. Hewa inanaswa katikati ya trapu mbili haina pa kutokea, maji yanapigana nayo. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Kigogo aliyeingia na kumsalimia bi mkubwa "mbukwa" wakaongea nusu saa kabla hajagusa spana, alichofanya ni kutoa kile kikombe na kuacha U peke yake. Basi. Lita 20 zikawa zinaondoka chini ya sekunde 50, yaani zaidi ya lita 24 kwa dakika, mara mbili na zaidi ya kinachotoka kwenye shawa. Trapu moja, iliyo na maji yasiyopungua kimo cha sentimita 5, inatosha.

Usifukie siku hiyohiyo. Ziba bomba upande wa chemba, lijaze maji mpaka mdomoni, liache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa palepale ndo unafukia na kumwaga zege.

Sakafu: piga hesabu kabla ya kuchanganya saruji

Mafundi wengi hapa wanaweka slopu kwa macho, matokeo yake maji yanakaa kona moja kila siku na we unayasukuma kwa mfagio. Ngoja niwaoneshe ya kwetu kwa namba, we weka zako.

Usawa wa tailizi za bafu letu tuuite sifuri. Jamvi la chini ya bathtabu lilikuwa chini ya hapo kwa sentimita 5, kwa sababu eneo lile halikuwahi kusakafiwa wala kuwekwa tailizi, na hii ni bahati ambayo nyumba nyingi zenye bathtabu zinayo. Pale kwenye tundu nataka saruji isiwe nyembamba kuliko sentimita 2, ikipungua itapasuka. Tailizi pamoja na gundi yake ni sentimita 1.5. Kwa hiyo kwenye tundu uso wa mwisho unakuwa sentimita 1.5 chini ya sifuri. Kona ya mbali kabisa iko mita 1.5 kutoka kwenye tundu, mteremko ni sentimita 2 kwa mita, hiyo ni sentimita 3 za kupanda. Kona ya mbali inaishia sentimita 1.5 juu ya sakafu ya bafu.

Umeona tatizo? Sehemu ya shawa iko juu ya bafu lenyewe kule mwisho, maana yake bila kizingiti maji yanatoka nje. Fundi alitaka kizingiti cha sentimita 10. Nikasema bi mkubwa si ndo ataanza kukiruka tena kama bathtabu? Tukakubaliana sentimita 5 juu ya sakafu ya bafu, kinabaki na sentimita 3.5 juu ya ile kona ya mbali na 6.5 juu ya tundu. Kama trapu inatoa maji haraka hiyo inatosha, ila ikiziba una muda mfupi sana wa kugundua. Ungetaka kuingia bila kizingiti kabisa ilibidi tulichonge jamvi lote la pale lishuke chini zaidi, na letu lilikuwa na unene wa sentimita 10 tu, nikaogopa.

Kabla ya kumwaga saruji ya mteremko lisugue jamvi kwa brashi ya waya, lichonge chonge lishike, lilowanishe, paka uji wa saruji na hapohapo mwaga mchanganyiko wa saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo nne. Vuta kamba kutoka kila kona mpaka kwenye tundu ndo usawazishe, pima maji peke yake itakudanganya maana yenyewe inatafuta ulalo. Halafu, na hii ni ya kwetu watu wa ukanda huu mkavu, funika kwa gunia bichi na umwagilie asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Ukiiacha wazi maji yanapotea kabla saruji haijashika na inakuwa ya unga, ukikwaruza kwa ufunguo inachimbika.

Tailizi za sentimita 60 kwa 60 achana nazo kwa sakafu ya shawa, haziwezi kupinda kuelekea tundu moja. Tulichukua zenye uso mkavu wa kukwaruza za 30 kwa 30, na zilizo karibu na tundu tukazikata kwa grainda kimshazari.

Kuta

Bathtabu likitoka linaacha mkanda wa ukuta usio na kitu, kwetu sentimita 55 kwenda juu, hapana plasta, tofali tupu. Kishawishi ni kupiga plasta hapo, kutafuta tailizi zinazofanana na za zamani na kuunganisha. Kwanza hizo tailizi huzipati, nilizunguka maduka yote ya Majengo na barabara ya Iringa nikarudi na vumbi. Pili, gonga zile zilizobaki kwa mpini wa bisibisi. Zinazolia "ko" tupu zimeshaachia. Kwetu zaidi ya nusu zilikuwa hivyo na mstari wa chini plasta yake ilikuwa na unyevu inamomonyoka kama sukari. Tukatoa zote pande tatu mpaka mita 2.1.

Kabla ya plasta mpya panda na mabomba ya maji. Koki ya bathtabu inakaa chini, kwa shawa tuliipandisha mita 1.1 na kichwa cha shawa mita 2. Kama unatumia simtanki angalia mnara wako: wa kwetu tanki limekaa mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2, tofauti ni mita moja na yale maji yaliyomo ndani ya tanki tu. Hapo usinunue shawa ile pana yenye vitundu vidogo vidogo, itadondosha kama machozi. Chukua yenye matundu makubwa au inua mnara. Na hita ya umeme ya kichwani isifungwe na fundi bomba, aje fundi umeme avute waya wake peke yake toka meni switchi, na eathi iwepo kweli.

Tailizi na grauti hazizuii maji, zinapunguza tu. Kinachozuia ni wotaprufu unayopaka juu ya plasta kabla ya tailizi. Tulitumia ile ya unga wa saruji inayochanganywa na maji yake ya gundi, mkono wa kwanza kwenda kulia na kushoto, ikikauka wa pili kwenda juu na chini, na kwenye kona zote sakafu inapokutana na ukuta unazamisha mkanda wa wavu. Sakafu yote, kizingiti chote juu na pande zake, na kuta za shawa mpaka juu. Kuzunguka tundu la trapu paka kwa uangalifu uingie mpaka kwenye mdomo wake, hapo ndo kuvuja kunaanziaga.

Kisha jaribu. Ziba tundu kwa tambara na mfuko, jaza maji mpaka karibu na juu ya kizingiti, chora mstari wa penseli ukutani, acha saa 24. Ila Dodoma maji yatapungua hata kama hakuna panapovuja, ndo hewa yetu. Kwa hiyo weka beseni la maji pembeni na lenyewe lichore mstari. Kesho yake beseni letu lilishuka milimita 3 na sakafu ilishuka milimita 4, tukaendelea. Ingeshuka milimita 10 na beseni 3, hapo unarudia kona zote kabla hujabandika hata tailizi moja.

Vifaa havikuwa vingi. Eneo la sakafu ni mita 1.7 kwa 0.75, kuta pande tatu mpaka 2.1, jumla kama mita 8 za mraba, tukanunua tailizi za mita 9 kwa ajili ya vipande vya kukata. Saruji mifuko 3 ikabaki kidogo. Kilichokula muda ni kusubiri: zege ya trapu, sakafu, plasta, wotaprufu, maji ya majaribio. Ukimlipa fundi kwa siku atakaa anakuangalia, mlipe kwa kazi. Kona zote za mwisho usijaze grauti, jaza silikoni, maana ukuta na sakafu vinacheza tofauti na grauti ya kona hupasuka ndani ya miezi.

Grauti nayo chagua ya kijivu. Nyeupe kwa maji haya baada ya mwezi ina mabaka ya chokaa, na kichwa cha shawa kila baada ya miezi miwili nakifungua nakiloweka kwenye siki usiku mmoja vitundu vifunguke. Wavu wa tundu bi mkubwa anautoa mwenyewe kila Jumamosi, anavuta nywele za wajukuu huku anagomba.

Bathtabu lenyewe muuza chuma chakavu alitaka kulichukua kwa bei ya soda. Mjomba akalipakia kwenye pikapu mpaka Chamwino, akaziba tundu kwa mpira wa tairi na boliti, mbuzi wanalinywea maji.